Bango Limebanana: Kutafuta Chanzo na Kulirekebisha

Dada wa mapokezi katika kliniki moja mjini Busia, upande wetu wa Uganda, aliniletea bango la A3 la kambi ya kupima macho. Lilikuwa limeshachapwa nakala kumi za majaribio na yeye mwenyewe hakulipenda, ila hakujua ubaya wake uko wapi. "Kaka, limebanana," akasema. "Hebu punguza herufi ziwe ndogo, labda litapumua."

Hiyo ndiyo tiba inayomjia karibu kila mtu, na mara nyingi huongeza ugonjwa. Ukipunguza herufi bila kugusa kitu kingine, unapata bonge lilelile, dogo zaidi, lenye ukingo mweupe pembeni. Jicho bado halijui liingilie wapi. Tena fikiria wanaoitwa na bango lile: ni watu wenye shida ya macho. Kuwapunguzia herufi ni kuwafungia mlango tulioutengeneza kwa ajili yao.

Nitalifuata bango hilo dalili kwa dalili, kwa sababu lilikuwa na karibu makosa yote ninayoyaona kwenye mabango ya mjini kwetu na hata yale yanayotoka Nasser Road kule Kampala, ambako wachapaji wamepangana mlango kwa mlango. Vipimo nitakavyotaja ni vya A3 iliyosimama, yaani milimita 297 kwa 420. Ukubwa wa herufi nautaja kwa pointi, kama programu zinavyouonyesha: pointi 72 ni inchi moja, milimita 25.4.

Kwanza, pima kabla ya kutibu

Usianze kusogeza vitu kwenye skrini. Chapa bango lako kwenye karatasi ya A4, nyeusi na nyeupe, kwa printa yoyote ya ofisini. A4 ni A3 iliyopunguzwa hadi asilimia 71 kwa upana na kwa urefu, kwa hiyo umbali wa kusomea nao uupunguze kwa kiasi hicho. Kama bango litasomwa na mtu aliye mita 3, bandika hiyo A4 ukutani na usimame mita 2 na kidogo. Kisha kunja macho mpaka herufi zipotee na zibaki vivuli tu.

Hesabu vivuli unavyoviona. Bango lililopangika huonyesha vivuli vitatu au vinne vilivyoachana, na kimoja kinavipita vyote kwa uzito. Bango la kliniki lilionyesha kivuli kimoja tu, cha kijivu, kutoka juu hadi chini kama mkeka. Hapo nilijua kwamba tatizo la kwanza halikuwa ukubwa wa herufi.

Dalili: ukikunja macho unaona bonge moja

Chanzo chake karibu kila mara ni nafasi zinazolingana. Nilichukua rula nikapima lile bango: kutoka kichwa hadi mstari wa tarehe, milimita 6. Kutoka tarehe hadi mahali, milimita 6. Kutoka mahali hadi maelezo, milimita 7. Na ndani ya maelezo yenyewe, kati ya aya na aya, milimita 6 tena. Aliyelitengeneza alikuwa amegawa nafasi kwa haki, kila kitu kikapata sawa, na haki hiyo ndiyo iliyoliua.

Jicho halisomi maana kwanza. Linaangalia ukaribu. Vitu vilivyokaribiana linavichukulia kuwa ni ndugu, na vilivyoachana linavichukulia kuwa ni wageni. Ukimpa kila mmoja umbali uleule, msomaji analazimika kusoma maneno yote ndipo ajue lipi linaenda na lipi. Kazi hiyo ndiyo anayoisikia kama msongamano. Atakwambia bango limejaa, na pengine robo ya karatasi ni tupu.

Dawa yake ni kuvunja usawa huo kwa kusudi. Nafasi ya ndani ya kundi iwe ndogo, nafasi ya nje ya kundi iwe kubwa, na tofauti yake ionekane bila kupima. Mimi huanza na mara tatu. Kama tarehe na mahali ni kundi moja na mistari yake imeachana kwa milimita 8, basi kutoka kundi hilo hadi linalofuata naweka milimita 24. Ukiweka 8 na 11, jicho halitambui tofauti na linaiona kama kosa la mkono.

Ila huwezi kuweka nafasi za makundi kabla ya kujua makundi ni yapi. Hapa nilimwuliza yule dada maswali manne nikaandika majibu kwenye karatasi ya kawaida: ni nini, lini na wapi, mtu aje na nini, na akitaka kuuliza ampigie nani. Majibu manne, makundi manne. Kwenye bango la kwanza "saa 3 asubuhi" ilikuwa juu, karibu na kichwa, na "kiwanja cha shule" kilikuwa chini kabisa, baada ya sentensi ya kuwashukuru wafadhili. Mtu anayepanga safari yake anahitaji hayo mawili kwa pamoja. Kuyaleta pamoja kulifungua nafasi kubwa katikati bila kufuta hata neno moja.

Kuna mtego mmoja hapa. Watu wengi wakitaka kutenganisha makundi huchora mistari au visanduku kuzunguka maandishi. Kisanduku nacho ni wino, na kinataka nafasi yake ndani na nje. Ukikiingiza kwenye bango lililobanana, kinakula milimita zilezile ulizokuwa unazitafuta. Bango la kliniki lilikuwa na visanduku vitatu. Nilivifuta vyote kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na vivuli viwili vikaanza kujitenga vyenyewe.

Dalili: kichwa ni kikubwa lakini hakisomeki

Kichwa cha mwanzo kilisema hivi, chote kwa herufi kubwa: TANGAZO! TANGAZO! KAMBI MAALUMU YA UPIMAJI WA MACHO BILA MALIPO KWA WAKAZI WOTE WA BUSIA NA MAENEO YA JIRANI. Ili kienee, aliyekipanga alikuwa amekivuta kwa kukibana pembeni, herufi zikawa ndefu na nyembamba kama miti ya mwanzi, mistari minne ikigusana.

Hapa kuna vyanzo vitatu, na ni vizuri kuvitenganisha kwa sababu kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni urefu. Hakuna nafasi ya kutosha kichwa cha maneno kumi na tisa. Nilimwuliza dada, "Ukikutana na jirani yako njiani, akiwa juu ya boda inayokwenda, utamwambia nini?" Akajibu papo hapo: "Nitamwambia, njoo pima macho bure." Hicho ndicho kichwa. Tulibakiza "Pima macho bure". Neno TANGAZO halina kazi kwenye bango, kwa kuwa kila anayeliona ukutani anajua ni tangazo. Na "wakazi wote wa Busia" si habari ya kichwa, maana bango limebandikwa Busia.

Cha pili ni kubana herufi. Ukiivuta fonti kwa kuishika pembeni na kuisukuma, nguzo za herufi zinakuwa nyembamba lakini vipande vya kulala vinabaki na unene wao. O inakuwa yai, na nafasi nyeupe ndani ya A, B na R inafungika. Nafasi hiyo ya ndani ndiyo inayomsaidia mtu aliye mbali kuitambua herufi. Ikiwa kweli unahitaji herufi nyembamba, chagua fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, na uiache na umbo lake. Namna ya kujua kama imevutwa: angalia herufi o. Kwenye fonti iliyovutwa, juu na chini ya o ni nene kuliko pande zake.

Cha tatu ni nafasi kati ya mistari ya kichwa, na hapa programu zinakudanganya bila nia mbaya. Illustrator, ukiiachia ijipangie, huweka asilimia 120 ya ukubwa wa herufi. Kwa maandishi ya pointi 12 hiyo ni sawa. Kwa kichwa cha pointi 120 inaacha mwanya mkubwa kati ya mistari, na kichwa kinapasuka vipande viwili. Basi mtu anaogopa mwanya ule, anaukaza mpaka mistari inagongana. Kati ya hapo na hapo kuna mahali pazuri, na kwa kichwa chenye herufi ndogo na kubwa mimi huanza na asilimia 100, kisha naangalia.

Kuangalia kwenyewe kuna namna yake. Chukua maneno "Upimaji wa macho" juu na "bila malipo" chini, kwa Arial. Mkia wa p katika Upimaji unashuka moja kwa moja juu ya l ya bila. Katika Arial mkia huo unashuka chini ya mstari kwa takriban asilimia 21 ya ukubwa wa herufi, na l inapanda takriban asilimia 72. Jumla ni 93. Kwa hiyo ukiweka nafasi ya mistari asilimia 90, mkia unaingia ndani ya l na unapata doa jeusi katikati ya kichwa. Doa kama hilo jicho huliona kabla ya neno lenyewe. Kiswahili kina p, j, g na y nyingi, hasa j na y, kwa hiyo angalia mikia kila mara unapokaza.

Kichwa chetu kipya kilibahatika. "Pima macho" haina mkia hata mmoja, kwa hiyo "bure" iliweza kukaa chini yake kwa karibu bila kugongana. Tuliandika mstari wa kwanza "Pima macho" na wa pili "bure". Usivunje kichwa pale tu karatasi inapoishia. "Pima" peke yake juu na "macho bure" chini kunamfanya msomaji asimame katikati ya wazo. Vunja mahali ambapo ungevuta pumzi ukiwa unakisema.

Kuhusu herufi kubwa tupu sina chuki nazo. Neno moja au mawili kwa herufi kubwa hukaa vizuri, na kwa kuwa hazina mikia unaweza kuikaza mistari hadi asilimia 90. Lakini maneno ya Kiswahili ni marefu. KWA WATAKAOHUDHURIA kwa herufi kubwa ni ukuta wa matofali, kila herufi urefu sawa na mwenzake, hakuna kinachopanda wala kushuka ili jicho lishike.

Dalili: kila kitu kinapiga kelele

Nilihesabu ukubwa wa herufi uliotumika kwenye maandishi ya chini: pointi 14, 15, 16, 18 na 20. Sita kati ya mistari kumi na miwili ilikuwa imeneneshwa, miwili ilikuwa myekundu na mmoja umepigiwa mstari. Nilipouliza kwa nini, dada alisema kila mkubwa wa kliniki aliyeliona aliomba jambo lake lionekane. Kila ombi peke yake lilikuwa la haki.

Tofauti ya pointi 14 na 16 mtu haioni. Anachohisi ni vurugu tu, kwamba mistari haifanani na hajui kwa nini. Ili ngazi isomeke kuwa ni ngazi, ruka mbali. Kutoka ngazi moja hadi nyingine nazidisha kwa moja na nusu angalau, na kwenye bango naona heri nizidishe kwa mbili. Ngazi tatu zinatosha karibu kila bango la A3: kile kinachomsimamisha mtu, kile kinachomfanya aamue, na kile anachokisoma akishaamua.

Kwa bango hili ngazi ya kwanza ilikuwa "Pima macho bure", pointi 120, herufi nene. Ngazi ya pili ilikuwa siku, saa na mahali, pointi 44. Ngazi ya tatu ilikuwa maelezo, pointi 24, herufi za kawaida. Nguvu ya unene niliitumia kwenye kichwa na kwenye namba ya simu tu. Rangi nyekundu niliifuta. Rangi, unene na ukubwa vyote vinasema neno moja, yaani "angalia hapa", na ukivitumia vyote kwenye mstari mmoja umelisema neno hilo mara tatu.

Kuna jambo moja lililonisumbua katika kupanga ngazi hizi, na naliandika kwa sababu ni la uaminifu zaidi kuliko la usanifu. Kupima kulikuwa bure, lakini miwani ilikuwa inauzwa. Kwenye bango la kwanza habari hiyo ilifichwa katika mstari wa kumi, pointi 14. Ukiandika "bure" kwa herufi za milimita 30 na bei ukaificha, mama atatoka kijijini na nauli ya kwenda tu. Tuliiweka sentensi ya kwanza ya maelezo: "Kupima ni bure. Miwani inauzwa." Mpangilio wa ngazi unaamua mtu anajua nini kabla hajatoka nyumbani, na jambo linalogusa mfuko wake halikai chini kabisa.

Dalili: maelezo yanasomeka kwa shida hata ukiwa karibu

Hapa tazama mambo mawili kwa pamoja, nafasi kati ya mistari na urefu wa mstari, kwa sababu moja linamvuta mwenzake. Mstari mrefu unahitaji mwanya mpana chini yake, la sivyo jicho likirudi kushoto linapotea na kusoma mstari uleule mara ya pili. Maelezo ya bango la kwanza yalienda kutoka ukingo hadi ukingo, herufi zaidi ya mia moja kwa mstari mmoja, na nafasi ya mistari ilikuwa asilimia 100. Ukisimama mbele yake unajikuta umeweka kidole.

Kwenye kitabu mstari wa herufi 45 hadi 75 unasomeka vizuri. Kwenye bango, ambalo mtu analisoma amesimama na pengine ameshika mzigo, naona 35 hadi 45 inatosha. Kwa pointi 24 hiyo ilitupa safu ya upana wa milimita 170 hivi, na karatasi iliyobaki kulia tuliiacha tupu. Nafasi ya mistari niliweka pointi 32, yaani theluthi moja juu ya ukubwa wa herufi. Kama unatumia Word, ingia kwenye mpangilio wa aya, chagua Exactly, uandike namba mwenyewe. Ukiiachia ijipangie, ukibadilisha fonti nafasi inabadilika bila kukuambia.

Halafu kuna suala la kunyoosha maandishi pande zote mbili. Kwa Kiswahili ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Neno letu moja hubeba mtendaji, wakati na kitendo, kwa hiyo ni refu: watakaohudhuria, yanayopatikana, hawatahudumiwa. Safu ikiwa nyembamba, neno kama hilo halienei mwishoni mwa mstari, linashuka lote, na programu inavuta maneno matatu yaliyobaki mpaka yaachane kama meno ya mtoto. Mashimo hayo yakipangana mstari kwa mstari unaona mifereji myeupe ikishuka katikati ya maelezo. Nafasi ipo, tena nyingi, lakini iko ndani ya sentensi, mahali pasipostahili. Kwa hiyo nyoosha upande wa kushoto tu, wa kulia uachie uende kwa urefu wake.

Kama bado neno linakusumbua, unaweza kulikata kwa mkono. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: wataka-ohudhuria inaruhusiwa, lakini watakao-hudhuria inasomeka vizuri zaidi kwa sababu inafuata maana. Usitenganishe herufi zinazotoa sauti moja, kama sh, ch, dh, ny na ng', wala mb na nd. Kitambulisho kata kitambu-lisho, usikate kitam-bulisho. Programu nyingi hazina kanuni za Kiswahili, na ukiziruhusu zikate zenyewe zinatumia za Kiingereza. Nimewahi kuona bango la shule lililokatwa hivyo, likaonekana kama limeandikwa na mgeni.

Dalili: maandishi yanaonekana kukimbilia nje

Hii ni ya haraka. Pima pambizo, yaani nafasi kati ya maandishi na ukingo wa karatasi. Ikiwa ni ndogo kuliko nafasi kati ya makundi yako, maandishi yataonekana yanasukumwa nje. Bango la kliniki lilikuwa na milimita 5. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni, na mashine ya kukatia inaweza kuteleza milimita moja au mbili, kwa hiyo 5 inaweza kurudi ikiwa 3. Niliweka 20 pande zote. Rangi ya nyuma ikifika ukingoni, iongeze milimita 3 nje ya mstari wa kukata.

Dalili: umefanya yote na bado limebanana

Basi sasa ni maneno. Ninaliacha hili mwisho kwa makusudi, kwa sababu ukianza kukata maneno kabla ya kupanga nafasi, utakata yaliyo muhimu na kubakiza yaliyo ya heshima.

Maelezo ya mwanzo yalikuwa na maneno zaidi ya mia moja na ishirini. Tulikaa na dada tukapitia sentensi moja moja, swali likiwa hili: mtu asipoijua, atakosea nini? Asipojua kwamba kliniki ina uzoefu wa miaka mingi, hatakosea kitu. Asipojua kwamba aje na miwani yake ya zamani, atarudi nyumbani kuifuata. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikabaki. Kulikuwa na shukrani kwa wafadhili wanne kwa sentensi ndefu, na nembo zao nne chini ya sentensi hiyohiyo. Nembo zikabaki peke yake, zote zikiwa na urefu mmoja wa milimita 20, kwenye mstari mmoja. Maneno yakashuka hadi kama arobaini na tano, mistari saba.

Sasa hesabu ya karatasi nzima. Juu hadi chini tulikuwa na milimita 380 baada ya kutoa pambizo. Kichwa cha mistari miwili kilichukua 72 hivi. Siku na mahali, 36. Maelezo, 79. Nembo, 20. Nafasi tatu kati ya makundi, 24 kila moja, ni 72. Jumla 279. Maelezo yalikuwa yamekua kutoka pointi 14 hadi 24, kichwa kilikuwa kimeongezeka maradufu, na bado tulibaki na milimita 101.

Dada alipoliona alishtuka kidogo. "Hapa pametupwa," akasema, akionyesha nafasi tupu chini ya tarehe. Mkubwa wake alitaka tuijaze kwa picha ya jicho. Nilimwomba tufanye kwanza jaribio lile la A4: "Mzee, hebu simama pale mlangoni uniambie unaona nini." Akasoma: "Pima macho bure. Jumamosi. Kiwanja cha shule." Akasimama hapo. Maelezo hakuyasoma, na hakutakiwa kuyasoma akiwa pale. Nafasi ile tuliiacha. Sehemu yake tuliihamishia kati ya kichwa na tarehe, ili kichwa kisimame peke yake zaidi.

Dalili: kwenye skrini lilikuwa sawa, likichapwa linabanana tena

Angalia kama ni herufi nyeupe juu ya rangi nzito. Wino hutanuka kidogo unapoingia kwenye karatasi, hasa karatasi ya bei nafuu isiyong'aa, na unapozunguka herufi nyeupe unaila kutoka pande zote. Herufi inakonda, na matundu ya e na a yanaziba. Herufi nyeusi juu ya nyeupe nazo hunenepa kwa sababu hiyohiyo, ila macho huvumilia zaidi. Kwa herufi nyeupe ongeza unene hatua moja, na uachanishe herufi kidogo. Kwenye Illustrator mimi huanza na 10 au 15 katika Tracking. Usiziweke nyeupe zikiwa chini ya pointi 18 kwenye karatasi ya namna hiyo.

Kliniki ilitaka ukanda wa buluu chini, wenye namba ya simu kwa nyeupe. Tulichapa nakala moja kwanza. Namba ilikuwa na 8 mbili zilizofuatana, na matundu yake yalikuwa yameziba, zikasomeka kama 0 zenye doa. Tuliipandisha kutoka pointi 24 hadi 32, tukaigawa kwa mapengo katika makundi ya tarakimu nne, tatu na tatu jinsi watu wanavyoitamka, kisha tukachapa tena. Mkubwa wa kliniki akaisoma kwa sauti kutoka mlangoni, tarakimu zote kumi, ndipo tukaagiza nakala zilizobaki.